Straiki kuguswa na bei kumalizia ng'ambo yake: mwongozo kamili wa kupiga hesabu zote mbili

Kuna swali linarudi kila wiki kutoka kwa watu wanaouza opsheni, linakuja kwa maneno tofauti ila ni lile lile: "broka ananionyesha asilimia 17 tu, mbona bei inafika kwenye straiki yangu karibu mara moja kati ya tatu?" Wengine wanaamini wanachezewa, wengine wanasema modeli ni uongo, wengine wanafunga posisheni kwa hasara siku bei ikigusa alafu siku ya mwisho wanaona ile puti imekufa bila thamani, wanabaki kushika kichwa.

Broka hajadanganya. Ile 17 inajibu swali moja, na wewe unaishi ndani ya swali lingine. Hapa tutapiga hesabu ya maswali yote mawili kwa mkono wetu, tuone kwa nini la kugusa lazima liwe kubwa, alafu tuone linafanya nini kwenye stoplosi yako, maana hapo ndo watu wengi wanapoumia.

Nitatumia kesi moja tu mwanzo mpaka mwisho. Hisa iko 100. Unauza puti ya straiki 90, zimebaki siku 45, volatiliti ni asilimia 30 kwa mwaka. Hakuna gawio, na riba nimeiweka sifuri ili hesabu isiwe na uchafu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Spredishiti yoyote, ya kwenye simu inatosha.
- Bei ya hisa ya sasa hivi, sio ya kufunga ya jana.
- Straiki, na siku za kalenda zilizobaki.
- Volatiliti ya straiki hiyo hiyo, ile inayoandikwa `IV` kwenye mstari wa opsheni yako. Usichukue ya hisa nzima, kwa puti za chini mara nyingi iko juu zaidi.
- Karatasi na kalamu kwa hatua ya 3. Usiiruke, ndo hatua inayofungua kichwa.
- Tarehe ya kampuni kutangaza mapato. Tutaihitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Tenganisha maswali kabla ya kugusa namba

Swali la kwanza: siku ya mwisho, saa ya mwisho, bei itakuwa chini ya 90? Hapa njia haina maana kabisa. Bei inaweza kushuka mpaka 82 wiki ya pili, ikarudi, ikafunga 90.10, na jibu ni "hapana". Ukiona safu imeandikwa `Probability ITM`, inajibu hili.

Swali la pili: kati ya leo na siku ya mwisho, kuna dakika yoyote bei itafika 90? Hapa njia ndo kila kitu. Mguso mmoja wa sekunde chache saa nne asubuhi siku ya nane unatosha, jibu ni "ndiyo" na halifutiki tena. Kwenye baadhi ya programu linaandikwa `Probability of Touching`.

Sasa angalia uhusiano wao. Hisa iliyoko 100 leo haiwezi kumalizia 85 bila kupita 90 njiani (bei ikiruka gepu tutaiongelea baadaye). Kwa hiyo kila njia inayomalizia chini ya 90 tayari imo kwenye hesabu ya kugusa. Juu yake unaongeza njia zote zilizogusa zikarudi. Hapo tu, kabla ya fomula yoyote, unajua kugusa hakuwezi kuwa kudogo kuliko kumalizia ng'ambo, kilichobaki ni kujua kunazidi kwa kiasi gani.

Umeelewa hatua hii kama unaweza kujibu hili bila kusita: bei iligusa 90 mara nne ikafunga 93, je imehesabiwa wapi? Kwenye kugusa, mara moja tu. Kwenye kumalizia, haimo.

## Hatua ya 2: Piga asilimia ya kumalizia ng'ambo

Fungua spredishiti, jaza hivi kwenye safu ya B:

```
B1: 100
B2: 90
B3: 0.30
B4: 45
B5: =B3*SQRT(B4/365)
B6: =LN(B2/B1)
B7: =NORM.S.DIST((B6+B5^2/2)/B5,TRUE)
```

B5 ni mtikisiko wa kawaida wa bei kwa siku zako 45, yaani ile 30 ya mwaka imepunguzwa kwa kipeuo cha pili cha muda. B6 ni umbali wa straiki kwa kipimo cha logi. B7 inauliza umbali huo ni mitikisiko mingapi, alafu inatoa uwezekano wa kumalizia chini yake.

Kile kipande cha `B5^2/2` kinawasumbua watu. Kiko pale kwa sababu hisa inatembea kwa asilimia. Ukipanda asilimia 10 kisha ukashuka asilimia 10 uko 99, sio 100. Kwa hiyo hata bei isiyo na mwelekeo wowote, ukiitazama kwa logi inavutwa chini kidogo, na kipande hicho ndo huo mvuto.

Ukiwa sawa utaona B5 ni 0.1053, B6 ni -0.1054, na B7 ni 0.1717. Yaani asilimia 17.2, ile ile ya broka.

Ukiona kitu kingine, makosa ni yale yale kila siku. B7 ikikaribia 1, umeandika 30 badala ya 0.30. Ikiwa karibu 0.22, umegawanya siku za kalenda kwa 252, ambayo ni idadi ya siku za soko: chagua moja, ama siku za kalenda kwa 365 ama siku za soko kwa 252, usichanganye. Na spredishiti ikikataa fomula kabisa, jaribu nukta-mkato badala ya mkato, inategemea lugha ya kifaa chako.

## Hatua ya 3: Jionee kwa kalamu kwa nini ni karibu mara mbili

Hapa weka spredishiti pembeni. Chukua bei ya kuchezea inayoanza 0 na kutembea hatua tano, kila hatua ama inapanda moja (J) ama inashuka moja (C), nafasi sawa. Njia zote zinazowezekana ni 32. Straiki yetu ya kuchezea iko kwenye -2.

Kwanza, ngapi zinamalizia chini ya -2? Baada ya hatua tano huwezi kuwa kwenye namba shufwa, kwa hiyo chini ya -2 maana yake -3 au -5. Kufika -3 unahitaji C nne na J moja, ziko 5. Kufika -5 ni C tupu, iko 1. Jumla 6 kati ya 32.

Pili, ngapi ziligusa -2 zikarudi juu? Usiamini mtu, ziandike:

```
CCJJJ   CCCJJ   CCJCJ
CCJJC   CJCCJ   JCCCJ
```

Nazo ni 6. Sio bahati. Chukua CCJJJ. Inagusa -2 kwenye hatua ya pili, baada ya hapo inapanda mara tatu na kumalizia +1. Sasa iache mpaka pale ilipogusa, alafu kila kilichofuata ukigeuze kinyume, J iwe C na C iwe J. Unapata CCCCC, inayomalizia -5. Chukua JCCCJ, yenyewe inagusa -2 kwenye hatua ya nne, ukigeuza ile J ya mwisho unapata JCCCC, inamalizia -3. Fanya hivyo kwa zote sita na utaona kila iliyorudi ina pacha wake mmoja aliyezama, na kila aliyezama ana pacha mmoja aliyerudi, hakuna anayebaki bila mwenzake.

Na mapacha wana uwezekano sawa, kwa sababu bei ikishafika kwenye -2 haikumbuki ilikotoka. Kutoka pale, kupanda na kushuka ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo zilizogusa ni 6 zilizozama jumlisha 6 zilizorudi, 12 kati ya 32, mara mbili kamili ya zilizomalizia chini.

Hiyo ndo sababu yote. Kati ya zilizogusa, nusu tu ndo zinamalizia ng'ambo, kwa hiyo zilizogusa lazima ziwe mara mbili yake. Wanahesabu wanaiita kanuni ya kuakisi na imezeeka, lakini ukishaandika zile njia sita huhitaji jina.

Onyo dogo: watu wakisikia "ikigusa ni nusu kwa nusu" wanadhani basi bei ikigusa itarudi. Hapana. Nusu inarudi, nusu inazama, na inayozama haina adabu inazama mpaka wapi.

## Hatua ya 4: Piga asilimia ya kugusa kwenye spredishiti

Rudi kwenye hisa yetu, ongeza mistari miwili:

```
B8: =B7+(B1/B2)*NORM.S.DIST((B6-B5^2/2)/B5,TRUE)
B9: =B8/B7
```

Unaona umbo lake? Sehemu ya kwanza ni B7, zilizozama. Sehemu ya pili ni mapacha wao, zilizogusa zikarudi. Lile `B1/B2` na alama iliyogeuka mbele ya `B5^2/2` ni marekebisho ya ule mvuto wa asilimia, kwa sababu kwenye hisa mapacha hawako sawa kabisa kama kwenye mchezo wetu wa J na C.

Majibu: B8 ni 0.3341, B9 ni 1.95. Asilimia 33.4 za kugusa dhidi ya 17.2 za kumalizia chini. Chukua posisheni kama hii 1,000: takriban 334 zitagusa 90, na kati ya hizo 172 zitamalizia chini na 162 zitarudi. Ile "mara moja kati ya tatu" ya malalamiko ndo hii hapa, iko pale pale hesabu inaposema iwe.

Ukiwa unauza koli, straiki iko juu ya bei, badilisha mistari miwili tu:

```
B7: =NORM.S.DIST((-B6-B5^2/2)/B5,TRUE)
B8: =B7+(B1/B2)*NORM.S.DIST((-B6+B5^2/2)/B5,TRUE)
```

Jaribu koli ya 110 kwa siku zile zile na volatiliti ile ile. Utapata 0.169 za kumalizia juu na 0.348 za kugusa, uwiano 2.06. Kwa hiyo puti iko chini kidogo ya mbili na koli juu kidogo, mvuto ule ule unafanya kazi pande mbili.

Namna ya kujua umekosea: B8 haiwezi kuzidi 1 wala kuwa chini ya B7. Ukiweka straiki 98, karibu sana na bei, puti inatoa 0.445 na 0.856. Namba inakaribia juu lakini haivuki. Ikivuka 1, umetumia fomula ya puti kwenye koli au kinyume chake, na hilo ndo kosa ninaloliona zaidi kwenye mafaili ya watu.

## Hatua ya 5: Delta mara mbili, na inapokudanganya

Sokoni watu hawapigi haya yote, wanachukua delta wanazidisha mbili. Inasaidia ukiwa na haraka. Ila delta sio uwezekano wa kumalizia ng'ambo, ni jirani yake tu, na ujirani huo unakosea upande mmoja kwa puti na upande mwingine kwa koli.

Puti yetu ya 90 ina delta 0.146. Mara mbili unapata 29, wakati jibu ni 33. Koli ya 110 ina delta 0.197, mara mbili ni 39, wakati jibu ni 35. Kwa hiyo anayeuza puti kwa njia ya mkato anajiona salama kuliko alivyo, na anayeuza koli anaogopa kupita kiasi. Kwa siku chache na volatiliti ndogo tofauti haionekani, kwa miezi mingi au hisa ya fujo inakuwa kubwa. Mimi natumia njia ya mkato kuchuja straiki, alafu nikibaki na mbili tatu napiga B8.

## Hatua ya 6: Jua stoplosi yako inafanya nini

Hapa ndo pesa zilipo, twende taratibu.

Kwanza bei ya haki ya puti yenyewe:

```
B10: =B2*B7-B1*NORM.S.DIST((B6-B5^2/2)/B5,TRUE)
```

Inatoka 0.83 kwa hisa. Hiyo ndo premiamu unayopokea leo.

Sasa chukua wauzaji wawili. Wa kwanza hafanyi kitu, anakaa mpaka siku ya mwisho. Wa pili ana sheria: bei ikigusa 90, ananunua puti yake na kutoka, hata iweje.

Wa kwanza analipa mara 172 kwa kila 1,000. Akilipa, analipa wastani gani? Gawanya 0.83 kwa 0.1717, unapata 4.84. Wa pili analipa mara 334. Gawanya 0.83 kwa 0.3341, unapata 2.49. Zidisha sasa: 172 mara 4.84 ni kama 832, na 334 mara 2.49 ni kama 832. Wote wawili wamelipa kiasi kile kile, na ndicho walichopokea kama premiamu.

Kaa na hiyo kidogo. Stoplosi kwenye straiki haijapunguza hasara ya jumla hata senti. Imechukua hasara chache kubwa ikazikata kuwa hasara nyingi ndogo, idadi imepanda karibu mara mbili na ukubwa umeshuka karibu nusu. Wale 162 waliorudi, ambao mwenzake aliyekaa hakulipa chochote, yeye amewalipia. Kwa malipo hayo amejikinga na zile zilizozama mpaka 80 au 75. Ni biashara halali kabisa, ila ni biashara, sio zawadi.

Kwa nini wastani ni 2.49? Kwa sababu gharama ya kutoka inategemea umeguswa lini. Kwa volatiliti ile ile, puti ya 90 wakati hisa iko 90 inauzwa:

- zikibaki siku 35, kama 3.33
- zikibaki siku 22, kama 2.64
- zikibaki siku 5, kama 1.26

Yaani bei bado haijavuka straiki hata kidogo, ndani ya puti hakuna thamani halisi yoyote, na tayari unatoka kwa mara tatu au nne ya ulichopokea kama mguso umekuja mapema. Watu wanashangaa sana hapa, "mbona niko minus wakati strike haijavukwa". Unalipia muda uliobaki. Na ndo maana wale wenye sheria ya kutoka premiamu ikifika mara mbili, yaani 1.66 hapa, mguso ukija mapema wao wanakuwa wameshatolewa kabla bei haijafika 90, kwa hiyo wanatolewa mara nyingi zaidi hata ya 334.

Maonyo mawili kwa maisha halisi, yote yanamuumiza mwenye stoplosi zaidi. Hisa ikishuka, volatiliti kawaida inapanda. Ile 2.64 ni kwa volatiliti 30, ikipanda mpaka 36 siku hiyo unalipa kama 3.17. Alafu kila ukitoka unalipa pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, na unalilipa mara 334, siku ambazo pengo limepanuka, wakati aliyekaa na puti ikafa bila thamani hakulipa kitu mlangoni.

Sasa cha kufanya. Kama unajua utatoka ikigusa, acha kuchagua straiki kwa namba ya kumalizia. Chagua kwa B8. Tuseme hutaki kutolewa zaidi ya mara moja kati ya tano. Shusha B2 kidogo kidogo ukiangalia B8, utafika 0.20 ukiwa kwenye straiki 87. Premiamu hapo ni kama 0.43, karibu nusu ya ile ya 90. Ndo bei ya utulivu unaoutaka, na ni heri uione kabla ya kuuza kuliko kuigundua siku ya mguso.

Kama hutatoka ikigusa, basi B7 ndo namba yako na B8 ni ya kukuandaa kisaikolojia tu: theluthi moja ya posisheni zako zitapita mahali ambapo utaona nyekundu kubwa, na karibu nusu ya hizo zitajifia zenyewe. Saizi yako iweze kuvumilia hizo wiki. Na mguso peke yake haumaanishi mnunuzi atakulazimisha kununua hisa, maana puti iliyo kwenye straiki na muda umebaki ina thamani zaidi akiiuza kuliko akiitekeleza.

## Hatua ya 7: Linganisha na chati, ukijua kwa nini hazitafanana

Mtu mwenye bidii atachukua data ya zamani, ahesabu miguso, apate uwiano wa 1.6 au 1.7 badala ya 1.95, aseme fomula ni mbovu. Kabla hujafika huko, angalia umehesabu kwa bei gani.

Fomula inaangalia kila sekunde. Ukitumia bei za kufunga tu, umekosa kila siku ambayo bei ilichungulia 90 mchana ikafunga 91. Kuna marekebisho yanayojulikana: sogeza straiki mbali kwa 0.5826 ya mtikisiko wa siku moja. Mtikisiko wa siku moja ya soko kwa volatiliti 30 ni kama asilimia 1.9, kwa hiyo unasogeza asilimia 1.1, 90 inakuwa 89. Weka 89 kwenye B2 usome B8 peke yake: 0.284. Ukiigawanya kwa 0.1717 ya straiki yako halisi (sio B7 mpya iliyobadilika) unapata 1.65. Kwa hiyo huyo mwenye 1.65 hajaivunja fomula, ameithibitisha. Ukitaka namba ya kulinganisha na B8 ya kawaida, tumia bei ya chini kabisa ya kila siku, ile ncha ya mshumaa, sio mwili.

Sababu ya pili ni gepu. Ule mchezo wa mapacha unadai bei ipite kwenye straiki yenyewe, isimame pale, alafu igawanyike nusu kwa nusu. Hisa iliyofunga 94 ikafungua 84 haikusimama kwenye 90. Imeshaingia ndani sana, na nafasi ya kurudi juu ya 90 sio tena nusu, ni ndogo. Gepu zikiwa nyingi, zilizogusa zinakaribiana na zilizozama na uwiano unashuka.

Sasa vuta hilo mpaka mwisho wake. Tuseme hisa imelala kabisa na kampuni inatangaza mapato usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya opsheni. Mtikisiko wote wa zile siku 45 uko kwenye usiku mmoja. Hakuna kugusa na kurudi, kuna kufungua asubuhi na bei iko hapa au kule, na uwiano unakuwa karibu 1. `IV` ya straiki yako inaweza kusoma 30 ile ile, B8 itakuambia 0.33 kama kawaida, na haitakuwa na maana.

Kwa hiyo ile tarehe niliyokuambia uwe nayo, iangalie kabla ya kuamini B8. Ikiwa nje ya siku zako, endelea. Ikiwa ndani, oda ya kutoka kwenye 90 usiihesabu kama kinga, kwa sababu asubuhi hisa ikifungua 84 itatekelezwa pale soko lilipo, na puti ya 90 haitakuwa 1.26 wala 2.64, itakuwa 6 na ushee. Usiku kama huo kinachokata hasara ni puti ya chini uliyonunua mapema, tuseme ya 85, ambayo inafanya kazi hata bei ikiruka. Itakula sehemu ya ile 0.83, na hasara yako kubwa kabisa itakuwa 5 toa premiamu iliyobaki mkononi.